Sahihi ya Mzazi Kwenye Kodi ya Mwanafunzi Ujerumani

Mwanafunzi anayetafuta chumba karibu na chuo kikuu cha Leipzig, Göttingen au Munich huanza kuulizwa habari za wazazi wake kabla hata hajaonyeshwa jiko. Mwenye nyumba anajua kwamba kijana huyu hana mshahara, na akiondoka na deni hakuna cha kumshika. Kwa hiyo anataka mtu mzima mwenye kipato aweke sahihi kwamba kodi isipolipwa, yeye atailipa. Kwenye matangazo ya vyumba barua hiyo huandikwa Elternbürgschaft, yaani dhamana ya wazazi.

Barua yenyewe haizidi ukurasa mmoja. Juu huandikwa jina na anwani ya mwenye nyumba, kisha jina la mwanafunzi, chumba anachopanga na tarehe ya mkataba. Zinafuata sentensi mbili tatu za ahadi, na mwisho mahali, tarehe na sahihi. Mara nyingi mwenye nyumba huomba pia nakala ya kitambulisho cha mzazi na hati zake za mshahara za miezi mitatu iliyopita.

Wazazi wengi huisaini kwa haraka, kwa sababu vyumba ni vya kugombaniwa na mtoto anapiga simu kwamba kuna wengine kumi kwenye foleni. Lakini ndani ya ukurasa huo kuna jambo ambalo laweza kumgharimu mzazi mara mbili ya alichotarajia: je, barua iliombwa na mwenye nyumba, au mzazi aliitoa mwenyewe?

Kifungu cha 551 cha Sheria ya Madai ya Ujerumani kinaweka kikomo cha dhamana anayoweza kudai mwenye nyumba. Dhamana zote zikijumlishwa, amana ya fedha pamoja na barua ya mzazi, hazitakiwi kuzidi kodi ya miezi mitatu. Kodi inayohesabiwa hapo ni ya chumba peke yake, bila malipo ya maji, takataka na kupasha nyumba joto. Amana ya fedha nayo mpangaji anaruhusiwa kuilipa kwa mafungu matatu ya kila mwezi, si lazima yote kwa mkupuo.

Tuchukue mfano wa chumba ambacho kodi yake tupu ni yuro 300, na pamoja na gharama nyingine hufika yuro 400 kwa mwezi. Kikomo cha dhamana ni yuro 900. Mwenye nyumba akichukua amana ya yuro 600 na kudai pia barua ya mzazi, barua hiyo ina nguvu kwa yuro 300 tu, hata kama imeandikwa kwamba mzazi atalipa kila kitu. Akiwa amekwisha kupokea amana ya yuro 900, barua aliyodai juu yake haimpi kitu.

Hesabu hubadilika pale mzazi anapojitolea. Mwaka 1990 Mahakama ya Shirikisho iliyoko Karlsruhe, ambayo ndiyo ya mwisho katika mashauri ya madai, iliamua kwamba kikomo cha miezi mitatu hakimkingi mtu aliyetoa dhamana kwa hiari yake, bila kuombwa, ili mwenye nyumba akubali kumpangisha mtoto wake, maadamu mpangaji mwenyewe hakuongezewa mzigo. Mwaka 2013 mahakama hiyohiyo ilisema vivyo hivyo kuhusu mtu aliyemdhamini nduguye ambaye alikuwa karibu kuondolewa katika nyumba kwa malimbikizo ya kodi.

Turudi kwenye chumba chetu. Mwanafunzi anaacha masomo, anaondoka bila kulipa miezi minne, yaani yuro 1,600, na ameharibu sakafu kwa gharama ya yuro 500. Deni ni yuro 2,100. Kama barua ilidaiwa na mwenye nyumba na hakukuwa na amana, mzazi analipa yuro 900 na mlango umefungwa. Kama mzazi alijitolea na hakuandika kiasi, analipa zote 2,100. Ndiyo maana barua pepe ambamo mwenye nyumba alidai dhamana inafaa kutunzwa. Na fomu ikiwa na sentensi kwamba mzazi ametoa dhamana kwa hiari bila kuombwa, ilhali aliombwa, sentensi hiyo haifai kuachwa.

Kuna neno jingine la kutafutwa kwenye fomu: selbstschuldnerisch. Lisipokuwepo, mzazi ana haki ya kumwambia mwenye nyumba aende kwanza mahakamani na kujaribu kukamata mali ya mpangaji, na arudi kwake akishindwa. Likiwepo, haki hiyo imekwenda. Mwenye nyumba anaweza kuruka mwanafunzi na kumwandikia mzazi moja kwa moja kodi inapochelewa. Takriban kila mwenye nyumba hulitaka, na ni vigumu kupata chumba ukilikataa, lakini mzazi ajue amesaini nini.

Wanafunzi wanaopanga nyumba moja kwa mkataba mmoja wana tahadhari yao. Wote wakiwa wapangaji kwa pamoja, mwenye nyumba anaweza kumdai yeyote kodi ya nyumba nzima. Mzazi aliyeandika tu kwamba anamdhamini mwanawe anaweza kukuta analipia chumba cha mtoto wa mwingine. Dawa yake ni kutaja kwenye barua sehemu ya kodi inayomhusu mwanawe.

Kwa mzazi aliyeko Moshi au Mombasa, kikwazo cha kwanza ni karatasi. Kifungu cha 766 kinataka dhamana iwe kwa maandishi na sahihi ya mkono, na kinakataza njia ya kielektroniki. Picha ya barua iliyotumwa kwa WhatsApp, au nakala iliyoskaniwa, haimfungi mzazi. Mwenye nyumba anayejua sheria atataka karatasi yenye wino, iliyosafirishwa kwa posta. Kikwazo cha pili ni umbali. Wenye nyumba wengi husita kupokea dhamana ya mtu ambaye wangelazimika kumfuatilia kwenye mahakama za nchi nyingine.

Kulipa kodi ya mwaka mzima mbele nako si rahisi. Mwanafunzi anayetoka nje ya Ulaya kwa kawaida huthibitisha uwezo wake kwa akaunti maalumu ya visa, ambayo tangu Septemba 2024 inatakiwa kuwa na yuro 11,904 kwa mwaka. Fedha hizo hutolewa yuro 992 tu kwa mwezi. Kwa hiyo mzigo humwangukia shangazi au mjomba anayefanya kazi Ujerumani. Hapo kuna kosa la kuepuka: hati anayosaini ndugu huyo kwenye ofisi ya wageni ili visa itolewe inamfunga kwa serikali kuhusu gharama za maisha. Haimdhamini mpangaji, na mwenye nyumba hawezi kudai kodi kwa hati hiyo. Dhamana ya nyumba ni barua nyingine kabisa, na anayesaini zote mbili amebeba madeni mawili.

Mzazi au ndugu anayeombwa kusaini aandike kiasi cha juu kwa yuro, kisichozidi kodi tupu ya miezi mitatu baada ya kutoa amana. Ataje chumba na mkataba husika, pamoja na tarehe ya mwisho ya dhamana. Na mwanafunzi akishahama na hesabu kufungwa, karatasi halisi yenye sahihi idaiwe irudishwe.