Aandikaye Bila Mikono

Twendeni kwa fikira hadi Kazimia, kandokando ya Ziwa Tanganyika, katika teritwari ya Fizi. Tuseme yuko nyumba moja mvuvi, baba wa watoto, aliyepatwa na kiharusi. Mikono haimtii tena, ulimi nao umefungwa. Kilichobaki ni macho, na kichwa ambacho aweza kukiinua kidogo juu ya mto. Mkewe humwuliza, “Baba, waumwa? Wataka maji? Wasikia baridi?” Naye huinua macho kusema ndiyo, au huyafumba kusema hapana. Lakini mtu aweza kujibu yale tu anayoulizwa. Kama jambo lililo moyoni mwake ni deni la nyavu analodaiwa na jirani, nani atakayebahatisha kumwuliza hilo?

Basi, ipo njia ambayo kwayo mtu wa namna hiyo aweza kutaja herufi aitakayo, halafu nyingine, mpaka neno limekamilika. Hatakiwi kuielekea herufi. Ni herufi zinazopita mbele yake, naye hungoja. Ile aitakayo inapofika, hutoa ishara moja tu. Ishara hiyo ni kupepesa jicho, au kusukuma kwa shavu swichi iliyofungwa karibu na uso.

Njia hii ilisikika ulimwenguni kote kwa sababu ya Mfaransa mmoja, Jean-Dominique Bauby, mhariri wa gazeti. Mwezi wa Desemba 1995 alipatwa na kiharusi kikali, akabaki na jicho la kushoto tu la kupepesa. Msaidizi alimsomea herufi kwa sauti, naye akapepesa zilipofika zile alizozitaka. Kwa jinsi hiyo alitunga kitabu kizima. Kilitolewa Machi 1997, naye akafa siku chache baadaye.

Msaidizi yule hakusoma A, B, C. Alianza na E, kisha S, kisha A, R, I, N. Mbona hivyo? Kwa kuwa katika Kifaransa E ndiyo itumikayo kuliko zote, nayo herufi itumikayo sana isingojwe sana. Hapa nawaonya wasomaji wetu wa Kongo, maana karatasi za namna hiyo zapatikana kwa Kifaransa, na mtu aweza kuzichukua kama zilivyo. Lugha yetu ina desturi nyingine. Chukueni ukurasa wowote wa Kiswahili mkahesabu herufi mia. Mtakuta A karibu ishirini. I yafuata, na N, na U, na K. Q na X hazimo kabisa, ila mgonjwa akitaka kuandika maneno ya Kifaransa.

Sasa tufanye hesabu. Mvuvi wetu ataka kusema NINA KIU. Kama msaidizi asoma A, B, C mfululizo, herufi 24 za Kiswahili na mwishoni nafasi ya kutenga maneno, basi kuifikia N ni hatua 14, I ni 9, N tena 14, A ni 1, nafasi ni 25, na kadhalika. Jumla ni hatua 103. Kila hatua ikichukua sekunde mbili, maneno hayo mawili yatamaliza dakika 3 na sekunde 26. Mwenye kiu amengoja mno.

Tuzipange herufi zile zile katika mistari mitano yenye herufi tano tano. Msaidizi huonyesha mistari kwanza: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mgonjwa atoa ishara, na msaidizi aingia ndani ya mstari huo na kupitia herufi zake moja moja mpaka ishara ya pili. Katika A, B, C iliyopangwa hivyo, N iko mstari wa tatu, mahali pa nne, yaani hatua 7 badala ya 14. NINA KIU sasa ni hatua 51, sawa na dakika 1 na sekunde 42. Kule kugawa kwa mistari tu kumeondoa nusu ya taabu.

Lakini twaweza kuondoa nusu nyingine tena, tukiziweka herufi zitumikazo sana katika pembe ya juu, upande wa kushoto, na zile za nadra katika pembe iliyo mbali kabisa. Huu hapa mpango niliouandaa kwa Kiswahili:

A – nafasi – N – E – L
I – U – M – T – Z
K – W – H – B – G
O – Y – D – R – F
S – J – P – C – V

N sasa ni hatua 4, I ni 3, A ni 2, nafasi ni 3, K ni 4, U ni 4. NINA KIU ni hatua 27, yaani sekunde 54. Kibao ni karatasi moja na kalamu ya wino mzito. Hakidai umeme wala fedha.

Hata hivyo sitaki kuwasifia kibao kupita haki yake. V nimeitupa mwisho kabisa, hatua 10, nayo ndiyo herufi ya uvuvi! Hesabuni neno MVUVI: katika mpango wangu ni hatua 32, na katika A, B, C ya mistari mitano ni 33. Hapo mvuvi hapati faida yoyote. Akiwa hutaja kazi yake kila siku, V na ihamishwe mahali pa Y au pa T. Vivyo hivyo nyumba isemayo Kibembe isichukue mpango wangu. Iandike maneno yake yenyewe, ihesabu herufi, ipange upya. Tena mpango ukiisha kukubaliwa usibadilishwe hovyo, kwa maana mgonjwa hukariri kila herufi ilipo, nako kukariri ndiko kunakompa wepesi.

Kabla ya yote hayo yapasa kuhakikisha mambo mawili. Mgonjwa awe alijua kusoma. Tena, kwa kuwa kiharusi chaweza kuharibu lugha yenyewe ndani ya ubongo, aulizwe kwanza maswali ambayo majibu yake yajulikana: “Mtoto wako wa kwanza ni msichana? Baraka iko kaskazini yetu?” Akikosa mara nyingi katika mambo kama hayo, kibao cha herufi hakitamfaa kwa sasa, na picha huenda zikamfaa zaidi.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike makala haya. Zipo mashine zifanyazo kazi ya yule msaidizi. Mwaka 1960, katika hospitali ya Stoke Mandeville huko Uingereza, bwana mmoja aitwaye Reg Maling alitengeneza chombo ambacho mgonjwa aliyepooza alikiendesha kwa kunyonya na kupuliza hewa katika mrija, hata akaweza kupiga taipu. Chombo hicho kikaitwa Possum, na mapadre wetu watalitambua neno hilo la Kilatini: “naweza”. Siku hizi simu za Android zina kazi hiyo hiyo, iitwayo `Switch Access`. Mwanga hutembea wenyewe juu ya herufi za simu, nayo swichi yaweza kuwa kitufe cha sauti kilicho ubavuni mwa simu. Tangu 2021 zipo simu ambazo kamera yake hutambua tabasamu au nyusi zilizoinuliwa, ikazichukua kama ishara.

Mashine haichoki, lakini haina huruma. Mwanga hauoni kwamba mgonjwa alikuwa karibu kubonyeza. Tuseme mpango wetu umo ndani ya mashine, na mvuvi wetu ataka kusema NINA KIU. Mstari auchagua sawasawa, lakini ndani ya mstari shavu lake lachelewa kidogo, na kila mara mwanga umekwisha kuruka herufi moja. Kioo chaonyesha EUE NWUM. Watu waliomzunguka hutazamana. Mmoja anong’ona ya kuwa akili za mzee zimekwenda, na mashine yafungwa kabatini. Hapo ndipo mtu huzikwa angali hai.

Laiti wangeyatazama yale maandishi tena wakiwa na mpango mkononi! Herufi iliyo kushoto kwa E ni N. Kushoto kwa U ni I. Kushoto kwa ile nafasi ni A. Kila kosa limesogea upande mmoja, kiasi kimoja. Mtu asiye na akili hakosi kwa utaratibu namna hiyo. Akichelewa wakati wa kuchagua mstari, herufi zitakuwa za mstari wa chini yake. Herufi zikijirudia, AAA au NNN, huenda shavu latetemeka na kubonyeza zaidi ya alivyokusudia. Simu yaweza kuamriwa isizipokee ishara zifuatanazo upesi mno.

Dawa ya kuchelewa ni kupunguza mwendo, tena kwa kipimo. Mwambieni mgonjwa “Sasa!” mkapime muda mpaka swichi ibonyezwe, rudieni mara kumi mkatafute wastani. Kanuni ya wataalamu ni kwamba muda huo uwe kama theluthi mbili za muda wa mwanga kukaa mahali pamoja. Akibonyeza baada ya sekunde 1.3, mwanga ukae sekunde 2. Jioni, amechoka, pimeni tena.

Lipo kosa moja zaidi, nalo hulipata jicho lenye uangalifu tu. Maneno yawa sawa isipokuwa herufi za mwanzo wa mstari: A, I, K, O, S. Sababu yake ni kwamba mgonjwa amekwisha kubonyeza ili kuchagua mstari, na papo hapo atakiwa abonyeze tena, wala misuli haijalegea. Kwa Kiswahili chenye A nyingi, kosa hili lauma sana. Basi msipunguze mwendo wote. Simu ina mahali pa kuongeza muda kwa kituo cha kwanza peke yake. Ongezeni nusu sekunde, kisha mjaribu neno BABA. Anayeshika karatasi, yeye ahesabu moyoni kidogo kabla ya kutoka kwenye herufi ya kwanza.

Kuhusu simu, neno moja. Herufi zake zimepangwa kama za taipu, si kwa kadiri ya lugha yetu. Ajabu ni kwamba mpango wa Kifaransa, uliozoeleka Kongo, huanza na A, mwanzo wa mstari wa kwanza, nayo ni bahati njema kwetu. Ila I ni ya nane katika mstari ule ule, na N iko chini mwishoni. Wengi kwa hiyo watatunga upesi zaidi kwa karatasi na mtoto mwenye subira kuliko kwa simu.

Lakini karatasi ina aibu yake. Kila neno la mgonjwa hupita kinywani mwa anayeishika, hata maneno ya kitubio. Sheria ya Kanisa yaruhusu kuungama kwa njia ya mkalimani, naye hufungwa na siri kama ilivyo haki. Walakini si kila baba apendaye kuungama mbele ya mwanawe. Ndiyo maana nawaomba mapadre wajifunze kukishika kibao wenyewe: mstari kwanza, halafu herufi, wakikitazama kibao na macho ya mgonjwa kwa zamu, wala wasimalizie neno kabla hajalimaliza yeye. Nusu saa ya mazoezi na katekista yatosha.