Alama za X Zinafanana, Uchungu Haufanani

Chukua karatasi mbili za patografu, kila moja na mama wake. Katika zote mbili mkunga ameweka alama za X palepale: saa 2 asubuhi njia ilikuwa imefunguka sentimita 5, saa 6 mchana sentimita 7, saa 8 mchana bado 7. Ukizipanga moja juu ya nyingine na kuziinua dirishani, alama zinafunikana. Hata hivyo mama mmoja anahitaji dawa ya kuuongezea uchungu nguvu, na mwingine akipewa dawa hiyohiyo mfuko wake wa uzazi unaweza kupasuka.

Zoezi hili nimelitunga kwa ajili ya wanafunzi wa ukunga. Wanawake walio ndani yake ni wa kubuni. Nalileta kwa wasomaji wote kwa sababu karatasi hii huwekwa kando ya kitanda cha dada, mke au binti yako anapojifungua, na kuisoma hakuhitaji zaidi ya macho na subira.

Karatasi yenyewe

Katikati ya patografu pana jedwali la vijisanduku. Ukipanda juu unahesabu sentimita za kufunguka kwa shingo ya kizazi hadi 10. Ukienda kulia unahesabu saa. Mistari miwili ya mshazari inapita humo. Wa kwanza ni mstari wa tahadhari, unaoanzia sentimita 4 na kupanda sentimita 1 kila saa. Wa pili ni mstari wa hatua, uliochorwa sambamba nao, saa 4 upande wa kulia.

Mistari hiyo ilitokana na kazi ya Philpott na Castle, iliyochapishwa mwaka 1972, katika mji ambao leo ni Harare, Zimbabwe. Wakunga wa kliniki za huko hawakuwa na chumba cha upasuaji, na walihitaji kujua mapema ni mama gani apelekwe hospitali. Zile saa 4 kati ya mistari zilikuwa nafasi ya kumsafirisha.

Juu ya jedwali huandikwa mapigo ya moyo wa mtoto, hali ya maji ya uzazi, na kupandana kwa mifupa ya kichwa. Chini yake huandikwa uchungu: umekuja mara ngapi ndani ya dakika 10, na kila mmoja umedumu sekunde ngapi. Halafu hufuata mapigo ya mama, presha, joto na mkojo.

Vipimo viwili hufanywa kwa vidole, navyo vinahitaji maelezo. Cha kwanza ni kushuka kwa kichwa. Mkunga huweka mkono juu ya tumbo, juu kidogo ya mfupa wa kinena, na kupima ni vidole vingapi vya kichwa bado viko juu ya mfupa huo. Vidole 5 maana yake kichwa chote kiko juu, na 0 maana yake kimezama nyongani. Alama yake ni duara, O.

Cha pili ni kupandana kwa mifupa. Fuvu la mtoto lina mifupa iliyotenganishwa na mianya laini, nayo huguswa wakati wa kupima njia. Mianya ikiguswa vizuri, huandikwa 0. Mifupa ikigusana, huandikwa alama moja ya kujumlisha. Ikipandana lakini ikarudi mahali pake inaposukumwa taratibu kwa kidole, huandikwa mbili. Ikipandana na kukataa kurudi, huandikwa tatu.

Zoezi: Mama A

Ana mimba ya tatu, na watoto wawili wa mwanzo aliwazaa kwa njia ya kawaida. Yuko kituo cha afya kisichofanya upasuaji.

*Saa 2 asubuhi.* Njia sentimita 5, na X imewekwa juu ya mstari wa tahadhari. Kichwa vidole 4. Chupa haijapasuka. Uchungu mara 3, sekunde 35. Moyo wa mtoto 140, mapigo ya mama 84. Mkojo safi.

*Saa 6 mchana.* Njia sentimita 7. Kichwa vidole 4. Chupa ilipasuka saa 5, maji ni meupe. Mifupa +. Uchungu mara 4, sekunde 45. Moyo wa mtoto 144, mapigo ya mama 92.

*Saa 8 mchana.* Njia sentimita 7. Kichwa vidole 4. Maji yana kinyesi cha mtoto. Mifupa ++. Uchungu mara 5, sekunde 50. Moyo wa mtoto 158, mapigo ya mama 108. Mkojo kidogo, una asetoni.

*Saa 10 jioni.* Njia sentimita 7, shingo ya kizazi imevimba. Kichwa vidole 4. Mifupa +++. Uchungu mara 5, sekunde 55. Moyo wa mtoto 104, mapigo ya mama 124. Mkojo una damu.

Maswali ni matatu. Kwanza, X ya saa 6 iko wapi kwenye jedwali, na ilimtaka mkunga afanye nini? Pili, ni safu zipi zinazoonyesha kwamba kuna kizuizi, na kwamba tatizo halikuwa uchungu dhaifu? Tatu, je, Mama A aongezewe dawa ya uchungu?

Majibu

*Swali la kwanza.* Kwa mwendo wa mstari wa tahadhari, sentimita 5 za saa 2 zingekuwa 9 ifikapo saa 6. Mama A amefika 7, kwa hiyo X yake imeangukia kulia kwa mstari wa tahadhari, katikati ya mistari miwili. Katika kituo kisicho na upasuaji, hapo ndipo rufaa huanza, isipokuwa njia iwe karibu kufunguka yote. Saa 8, bado 7, X imekaa juu ya mstari wa hatua. Anayesubiri mstari huo ndipo aite gari ameshatumia muda uliowekwa kwa ajili ya safari.

*Swali la pili.* X inasema tu kwamba mwendo umechelewa. Haisemi kwa nini. Wapo wanawake wengi ambao njia yao hufunguka polepole kuliko sentimita 1 kwa saa na wakajifungua salama. Sababu ya kuchelewa hutafutwa katika safu tatu zinazosomwa pamoja: uchungu, kushuka kwa kichwa na kupandana kwa mifupa.

Zisome kwa Mama A. Uchungu umepanda kutoka mara 3 hadi 5, na kila mmoja umerefuka. Nguvu ipo, tena inaongezeka. Kichwa kimebaki vidole 4 tangu asubuhi hadi jioni. Mifupa imetoka 0 hadi +, ++, kisha +++. Nguvu inasukuma, kichwa hakisogei, na fuvu ndilo linalobonyea. Huo ndio uchungu pingamizi. Huenda kichwa ni kikubwa kwa nyonga hii, au kimekaa vibaya, kwa mfano kimetanguliza paji la uso. Kuzaa mara mbili kabla hakumkingi, kwa kuwa mtoto huyu si wale.

Safu nyingine zinaeleza gharama. Asetoni na mkojo kidogo vinaonyesha mwili uliokauka maji na kuanza kuchoma mafuta yake. Mapigo ya mama yanapanda kwa uchovu na ukavu huo, na pengine maambukizi. Damu kwenye mkojo inatokana na kibofu kilichobanwa kati ya kichwa na mfupa. Kinyesi ndani ya maji, pamoja na moyo wa mtoto uliofika 158 kisha ukaanguka 104, vinasema mtoto anakosa hewa.

*Swali la tatu.* Hapana. Mfuko wa uzazi wa mwanamke aliyewahi kuzaa haukati tamaa upesi. Unaendelea kukaza, sehemu yake ya chini inavutwa na kuwa nyembamba, na wakati mwingine unaonekana mfereji unaokata tumbo chini ya kitovu. Dripu ya oksitosini juu ya hali hiyo inauharakisha kupasuka. Mama A anahitaji dripu ya maji, mpira wa mkojo, kulala kwa ubavu wa kushoto, simu kwa hospitali inayompokea, na mkunga wa kumsindikiza akiwa na patografu mkononi. Huko, mtoto akiwa hai na kichwa kikiwa juu namna hiyo, jibu ni upasuaji.

Mama B, mwenye X zilezile

Sasa geukia karatasi ya pili. Mama B ana mimba ya kwanza. Saa 8 mchana njia yake ni sentimita 7, sawa na Mama A. Lakini uchungu ni mara 2 tu ndani ya dakika 10, kila mmoja sekunde 25. Kichwa kimeshuka kutoka vidole 4 hadi 2. Mifupa 0, maji meupe, moyo wa mtoto 138, mapigo ya mama 82.

Hapa fuvu halijabonyea kwa sababu hakuna nguvu ya kulibonyeza, na nguvu ndogo iliyopo imeshateremsha kichwa vidole viwili. Njia inapitika, kinachopungua ni msukumo. Naye anapelekwa hospitali, kwa kuwa X zake zimefika palepale. Njiani na huko anapewa maji, anakojoa na anakaa na mtu wake wa karibu. Daktari akishapima na kuridhika kwamba hakuna kizuizi, oksitosini inaweza kuanzishwa kwa uangalizi wa karibu.

Upo mtego mmoja hapa. Kwa mwenye mimba ya kwanza, mfuko wa uzazi uliopambana na kizuizi kwa muda mrefu huchoka na kulegea. Ukisoma safu ya uchungu ya mwisho peke yake, utadhani ni Mama B mwingine. Rudisha macho nyuma: uchungu ulikuwa mkali mchana, ukafifia jioni, na mifupa imefika +++. Huyo ana kizuizi. Kichwa kikiendelea kubana nyama za nyonga kwa saa nyingi, nyama hizo hufa, na baada ya siku kadhaa mkojo huanza kuvuja bila kikomo. Hiyo ni fistula.

Karatasi inapodanganya

Yote haya yanategemea namba zilizoandikwa kwa wakati wake. Patografu iliyojazwa baada ya mtoto kuzaliwa hujulikana: X zimekaa juu ya mstari wa tahadhari kama zimepangwa kwa rula, moyo wa mtoto ni 140 kila nusu saa, na safu ya mifupa iko tupu. Mwongozo mpya wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 umeondoa mistari ya mshazari. Unaanza kwenye sentimita 5 na kuweka kikomo kwa kila sentimita. Kwa sentimita 7 kikomo ni saa 3. Lakini safu za uchungu, kichwa na mifupa zimebaki, kwa sababu ndizo zinazotaja sababu.

Mwanafunzi akinirudishia zoezi hili, naangalia kwanza ameweka duara la rufaa kwenye saa gani. Akiliweka saa 10, ameona kila dalili na amechelewa. Anayeliweka saa 6 ana dalili chache mkononi: X imevuka mstari, uchungu una nguvu, kichwa kimekataa kushuka, na mifupa ndiyo kwanza imegusana. Moyo wa mtoto bado ni 144, na gari bado lina muda wa kufika.