Zege Hubeba, Lakini Halivutiki

Katika maabara za ujenzi hapa Johannesburg, mchemraba wa zege wa milimita 150 kila upande, baada ya kukaa majini siku 28, hubanwa kwenye mashine hadi uvunjike. Zege la megapaskali 30 hufikia tani 69 hivi. Tukilimimina zege hilohilo kuwa boriti yenye upana na kimo cha milimita 150, bila nondo, tukaiegemeza kwenye vituo viwili vilivyoachana milimita 450 na kuikandamiza katikati kwa pointi mbili, hukatika kwa tani kama 3 tu.

Boriti ikipinda, juu hubanwa na chini huvutwa. Zege likibanwa, hufupika hadi sehemu mbili katika elfu ndipo lifike kilele cha nguvu yake. Kabla ya hapo nyufa ndogo huwa zimeanza kuzunguka kokoto, lakini kubanwa kwenyewe huzizuia zisienee. Likivutwa, ufa mmoja hupanuka, nguvu zote hukusanyika kwenye ncha yake, na mambo yamekwisha. Kabla ya hapo zege hurefuka sehemu moja hivi tu katika elfu kumi. Jicho halioni kitu.

Chuma cha kusubu kina tabia hiyohiyo. Ndani yake mna vipande vyembamba vya grafiti, ambavyo kikivutwa huwa kama nyufa zilizokwisha kuwepo, na kikibanwa hufungwa. Ndiyo maana hustahimili kubanwa mara tatu au nne zaidi ya kuvutwa. Nguzo za Beit al-Ajaib, Unguja, jengo la mwaka 1883, ni za chuma hicho, na kazi hiyo inakifaa, maana nguzo hubanwa. Lakini nguzo ndefu ikielemewa upande mmoja hupinda, na upande wa pili huvutwa. (Sehemu ya jengo hilo iliporomoka Desemba 2020, hatusemi nguzo ndizo chanzo.)

Basi mhandisi huhesabu nguvu ya zege kuvutwa kuwa sifuri, na kuweka nondo upande wa chini wa boriti. Hapo ndipo wengi hukosea, wakidhani nondo nyingi zaidi ni usalama zaidi. Nondo chache za kutosha hulegea kwanza: chuma hurefuka, boriti hulala, nyufa hupanuka chini, na watu hupata muda wa kutoka. Nondo zikizidi mno, hazilegei kamwe. Zege la juu ndilo hupondeka kwanza, likifika kufupika kwa takribani 0.0035, na boriti huanguka bila ishara. Kwa hiyo hesabu huwekewa kikomo cha nondo upande wa juu, si upande wa chini tu. Na fundi anayeongeza nondo mbili "kwa ajili ya uhakika" bila kumwuliza mhandisi huenda anaondoa ile ishara.