Chakula cha kuku wa mayai: tenga makombe kwanza, ndipo upige hesabu ya protini

Leo tunachanganya kilo 100 za chakula cha kuku wanaotaga, kwa mahindi, pumba, mashudu, dagaa na makombe ya pwani. Hivi vyote kijana wa Mtua, Nachingwea mjini au Ruangwa anaweza kuvipata bila kuagiza mfuko wa dukani.

Vijana wengi mnajua ule mraba wa Pearson, na hesabu mnaipiga vizuri tu. Tatizo ni mpangilio. Mtu anakokotoa kilo 100 za nafaka na mashudu zenye protini asilimia 16.5, kisha anamwagia juu kilo 10 za makombe, mifupa na chumvi. Makombe hayana protini. Sasa ana kilo 110, lakini protini iliyomo ni zile zile kilo 16.5. Gawa 16.5 kwa 110, unapata asilimia 15. Kuku wa kisasa hawezi kuendelea kutaga vizuri kwa kiwango hicho, na wewe unabaki kulaumu vifaranga ulivyonunua.

Kwa hiyo tunaanza na madini. Katika kilo 100 tenga:

- Makombe yaliyosagwa: kilo 8
- Unga wa mifupa: kilo 1.5
- Chumvi: robo kilo
- Premiksi ya kuku wa mayai: robo kilo (soma pakiti, kipimo chake ndicho kinachotawala)

Jumla ni kilo 10. Zimebaki kilo 90 za kubeba protini yote. Tunataka kilo 16.5, basi gawa 16.5 kwa 90, zidisha kwa 100, unapata 18.3. Hilo ndilo lengo la kuweka katikati ya mraba, siyo 16.5.

Sasa gawa malighafi makundi mawili. Kundi la nguvu ni mahindi yaliyoparazwa sehemu 3 (protini kama asilimia 9) na pumba za mahindi sehemu 1 (kama 11). Wastani wake: 9 mara 3, ongeza 11, gawa kwa 4, unapata 9.5. Kama una mtama mweupe, unaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya mahindi.

Kundi la protini ni mashudu ya alizeti sehemu 2 (kama 26), mashudu ya ufuta sehemu 1 (kama 40) na dagaa sehemu 1 (kama 50). Wastani wake ni 35.5. Usishawishike kuondoa dagaa ili upunguze gharama. Mashudu ya alizeti na ya ufuta yote yana upungufu wa lisini, asidi amino ambayo kuku hawezi kujitengenezea, na dagaa ndiye anayeziba pengo hilo.

Chora mraba. Katikati andika 18.3, kona ya juu kushoto 9.5, kona ya chini kushoto 35.5. Toa kwa mshazari, ndogo kwenye kubwa:

- 35.5 toa 18.3 = 17.2, hizi ni sehemu za kundi la nguvu
- 18.3 toa 9.5 = 8.8, hizi ni sehemu za kundi la protini

Jumla ya sehemu ni 26. Kundi la nguvu ni 17.2 gawa kwa 26 mara 90, yaani kilo 59.5. Kundi la protini ni kilo 30.5 zilizobaki. Ukigawa kila kundi kwa uwiano wake na kusawazisha kidogo, unapata:

- Mahindi yaliyoparazwa: kilo 44.5
- Pumba za mahindi: kilo 15
- Mashudu ya alizeti: kilo 15.5
- Mashudu ya ufuta: kilo 7.5
- Dagaa: kilo 7.5
- Madini uliyotenga: kilo 10

Hebu hakiki. Zidisha kila kilo kwa protini yake, jumlisha, unapata kilo 16.4 ndani ya kilo 100. Tumefika. Kuku mmoja anakula karibu gramu 115 kwa siku, kwa hiyo kuku 200 watamaliza mchanganyiko huu kwa siku nne hivi.

Sasa kumbuka, hesabu ni nzuri sawasawa na malighafi yako. Ufuta wetu mwingi unapita minada ya RUNALI na kuondoka ukiwa mbegu nzima, hivyo mashudu ya ufuta unayapata kwa wenye mashine ndogo za kukamua, kwa mafungu tofauti. Ya alizeti ndiyo yanayodanganya zaidi. Ukiona maganda meusi yamejaa, protini inaweza kuwa 20 badala ya 26, na chakula chako kinashuka kutoka 16.4 hadi 15.5 bila wewe kujua. Ukinunua shehena kubwa, peleka sampuli ikapimwe SUA Morogoro, kisha weka namba halisi kwenye mraba.

Dagaa watie kidogo kwenye glasi ya maji, koroga, subiri. Mchanga utazama chini na utajua umeuziwa nini. Waonje pia: kama wamechemshwa kwa maji ya chumvi, ondoa ile robo kilo ya chumvi na uweke pumba mahali pake. Mahindi au mashudu yenye ukungu usiyatumie kabisa, kwa sababu sumukuvu haiondoki kwa kuanika wala kwa kusaga.

Makombe ya kutoka Lindi yaoshe chumvi na mchanga, yaanike, yaponde. Nusu yasage unga, nusu yaache chenga za ukubwa wa punje ya mchele. Ganda la yai hutengenezwa zaidi usiku kuku akiwa amelala, na zile chenga hubaki kwenye firigisi zikiyeyuka polepole. Chokaa ya kujengea isiingie bandani, inaunguza mdomo na koo. Ukitilia shaka, dondoshea ndimu: makombe na chokaa ya mifugo vitatoa povu, na ukivitia maji havipati joto. Ile iliyochomwa ikikutana na maji huchemka.

Wakati wa kuchanganya, premiksi, chumvi na mifupa vitangulie na kilo 5 za pumba, ndipo umwage kwenye lundo kubwa. Geuza kwa koleo mara tano hivi, mpaka rangi iwe moja. Tengeneza cha wiki mbili tu, maana mafuta ya mashudu huchacha. Kuku wahamishe taratibu kwa siku saba, na vifaranga au mitetea ambayo haijaanza kutaga usiwape, kalsiamu hii nyingi inaharibu figo zao.

Baada ya wiki mbili angalia mayai. Yakipungua ukubwa na idadi huku kuku wakinyonyoana manyoya, rudi kwenye mashudu na dagaa. Maganda yakiwa mepesi, au yai likitoka laini, rudi kwenye makombe. Yote mawili yakitokea pamoja, pima upya kila kitu kwenye mizani, kwa sababu huenda debe ndilo lililokudanganya: debe la pumba na debe la makombe hayalingani uzito hata kidogo.