Waya wa Bustani: Maumbo, Vipimo na Matendo

Bustani ya shule ina umbo la mstatili, urefu wake meta 12 na upana meta 5. Tunataka kuizungushia waya. Swali kama hili la shule ya msingi lina istilahi za makundi matatu, na mwanafunzi asiyezitofautisha atakosea hata kama anajua kujumlisha na kuzidisha.

Maumbo

*Mstatili*: umbo la pande nne na pembe mraba nne, pande zinazotazamana hulingana.
*Mraba*: mstatili ambao pande zake zote nne ni sawa.
*Pembetatu*: umbo la pande tatu zilizonyooka.

Swali limetaja vipimo viwili tu, lakini kwa kuwa bustani ni mstatili, tunajua pande mbili zilizobaki nazo ni meta 12 na meta 5.

Vipimo

*Mzingo*: urefu wa kulizunguka umbo lote.
*Eneo*: ukubwa wa sehemu iliyo ndani ya umbo.
*Ujazo*: nafasi iliyo ndani ya chombo au umbo kama sanduku.

Hapa wengi huteleza. Huzidisha 12 kwa 5, wakapata 60. Hilo ni eneo, na husomwa kwa meta za mraba. Linamfaa anayepanga kiasi cha mbolea. Waya hupita ukingoni, kwa hiyo tunatafuta mzingo, nao husomwa kwa meta.

Matendo

*Jumla*: jibu la kujumlisha.
*Tofauti*: jibu la kutoa.
*Zao*: jibu la kuzidisha.
*Baki*: kinachosalia baada ya kugawanya.

Mzingo ni 2 × (12 + 5) = meta 34. Ukisahau mabano utapata 29, na waya utapungua meta 5. Hakiki kwa kujumlisha pande moja moja: 12 + 5 + 12 + 5.

Sasa tuache meta 2 za mlango, kisha tuongeze meta 4 za kufungia kwenye nguzo: 34 − 2 + 4. Wanafunzi wa Tanzania hukumbuka mpangilio wa matendo kwa neno MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Anayelifuata bila kufikiri ataanza kujumlisha 2 na 4, kisha atoe 6 kwenye 34, apate 28. Jibu sahihi ni 36, kwa sababu kujumlisha na kutoa vina hadhi sawa: hufanywa kuanzia kushoto kwenda kulia. Kugawanya na kuzidisha navyo ni vivyo hivyo.

Kama dukani waya huuzwa kwa vipande vya meta 10, basi 36 ÷ 10 ni 3, baki 6. Baki hiyo haitupwi: vipande 3 havitoshi, hivyo tutanunua 4, na meta 4 zitasalia.