Kisanduku Kilichofungwa, Vipimo Viwili

Fundi akipewa kisanduku kilichozibwa, chenye jozi ya nyaya kila upande na vikinza tu ndani, hana haja ya kukifungua ili ajue kitakavyofanya kazi.

Huanza kwa kuacha upande wa pili wazi na kutia volti 12 upande wa kwanza. Tuseme mkondo ni ampea 0.2, na upande wa pili mita inasoma volti 8. Kila volti hugawanywa kwa mkondo huo: z11 ni omu 60, z21 ni omu 40. Kisha anageuza. Volti 12 upande wa pili zinapitisha ampea 0.15, na upande wa kwanza ulio wazi una volti 6. Basi z22 ni omu 80, z12 ni omu 40.

z12 na z21 lazima zilingane hapa. Zikitofautiana, huenda mita yenyewe inavuta mkondo, na upande uliodhaniwa wazi si wazi.

Sasa unganisha chanzo cha volti 12 chenye ukinzani wa ndani wa omu 10, na mzigo wa omu 80. Chanzo kitaona:

z11 − z12·z21/(z22 + 80) = 60 − 1600/160 = omu 50

Ukijumlisha zile 10, mkondo wa kuingia ni ampea 0.2. Mzigo unapata 40 × 0.2/160, yaani ampea 0.05, sawa na volti 4.

Njia hii hushindwa kisanduku kikiwa na kikinza kimoja tu kilichounganisha pande mbili kwa mfululizo: upande mmoja ukiwa wazi, hakuna mkondo wa kugawia.