Bei ya tangazo ikikosewa, nani alipe?

Mavuno yakishauzwa, wauza bati wa Msamala huingia kwenye ofa. Wateja wa Songea, Namtumbo na Peramiho wanataka kuezeka kabla ya mvua za Novemba, na bei hutangazwa kwa bango, gari la matangazo na stetasi za wasapu. Bei ikikosewa, husambaa kwa njia hizohizo.

Mfanyabiashara mmoja aliyeomba asitajwe bado ana kinyongo. Bati lake la geji 28 lilikuwa la shilingi 32,000. Aliyeandaa tangazo akaandika 23,000. "Angeandika 3,200 watu wangecheka tu," anasema. "Lakini 23,000 inafanana na bei ya geji 30. Nani angeshuku?"

Kwanza alifuta stetasi kimyakimya, na hapo ndipo alipoharibu. Skrinshoti zilikwishafika vijijini, na duka lililofuta bila kusema likaonekana limebadili bei baada ya kuona foleni. Mteja aliyelipa kwa simu bati 40 alidai mzigo wake, nao ukatoka kwa hasara ya 360,000. "Na bado wananiita tapeli," analalamika.

Kisheria hana kesi ngumu kwa waliolisoma tangazo tu. Bei iliyotangazwa kwa kawaida ni mwaliko wa kununua. Mkataba huja muuzaji anapokubali. Aliyekwishalipa na kupewa risiti ni habari nyingine. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bei, kwa hiyo kuliacha bango ukutani baada ya kugundua kosa ni kujitafutia balaa.

Ofisa mmoja anayehusika na biashara anasema malalamiko ya aina hii ni machache na wateja wanajua pa kuyapeleka. Huenda. Ila aliyepoteza nauli kutoka Namtumbo harudi mjini kujaza fomu. Anahamia duka jingine.

Siku ya pili mfanyabiashara huyo alitoa taarifa kwa njia zilezile, maandishi yakilingana kwa ukubwa na ya ofa: "Tulikosea. Bati geji 28 tuliliandika 23,000. Bei sahihi ni 32,000. Uliyelipa kabla ya taarifa hii utapata mzigo kwa bei uliyolipa, au fedha zako zote ukitaka. Uliyesafiri kwa ajili ya ofa, fika leo au kesho tuzungumze nauli. Samahani." Bei iliyokosewa imetajwa ili mwenye skrinshoti ajue ni yake inayozungumzwa. Hakumtupia lawama mchapaji, na aliyelipa hakuambiwa aongeze.

Baadhi ya wateja wamerudi. Wenye maduka wenzake wanasema hasara ya namna hiyo inabebeka kwa mwenye mtaji tu. Duka dogo lingebaki na deni kwa msambazaji. Kwao kinga ya bei nafuu ni kumpa mtu wa pili asome tangazo, akilinganisha na orodha ya bei ya dukani, kabla halijapelekwa kwa mchapaji.